Daftari la ridhaa kwenye meza ya mwalimu mkuu: uchambuzi wa kisa cha utafiti wa minyoo Busia

Mwaka 1998 ulianza utafiti mkubwa katika shule 75 za msingi za tarafa za Budalangi na Funyula, wilayani Busia, magharibi mwa Kenya. Shirika la Kiholanzi lililokuwa likifanya kazi eneo hilo, ICS, liligawa dawa za minyoo shuleni, na wachumi wawili, Edward Miguel na Michael Kremer, wakapima kama mtoto aliyetibiwa minyoo anakosa shule kidogo kuliko asiyetibiwa. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 30,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 na yamenukuliwa kila mahali panapozungumziwa dawa za minyoo shuleni. Mwaka 2019 Kremer alikuwa miongoni mwa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za aina hii.

Wengi wanaujua utafiti huu kwa matokeo yake. Mimi naurudia kwa sababu nyingine. Ni nadra kupata utafiti wa shule ambao waandishi wake wameeleza, kwa undani wa kutosha, jinsi ridhaa ya wazazi ilivyochukuliwa na nani alikosa dawa kwa sababu gani, kisha wakatoa data na programu zao za kompyuta za kukokotoa matokeo wengine wazikague. Kwa sababu hiyo tunaweza kuona jambo ambalo vitabu vya mbinu za utafiti hulipita haraka: namna unavyoomba ridhaa huamua nani anaingia kwenye hesabu zako, na kama huliandiki hilo, matokeo yako yanadanganya hata kama hukubuni tarakimu hata moja.

Tuanze na mpangilio. Fedha na watumishi havikutosha kutibu shule zote kwa mara moja, hivyo shule ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Ziliorodheshwa kwa alfabeti ndani ya kila eneo dogo la utawala, kisha zikagawiwa kwa zamu: ya kwanza kundi la kwanza, ya pili kundi la pili, ya tatu kundi la tatu, na kurudia. Kundi la kwanza lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Hakuna shule iliyonyimwa dawa kabisa. Zilizosubiri ndizo zilizokuwa kipimo cha kulinganishia.

Kungoja huku kulizaa swali gumu la kwanza. Kabla ya dawa, wanafunzi kadhaa wa kundi la kwanza walipimwa choo mwanzoni mwa 1998, na ikaonekana kwamba asilimia 92 walikuwa na angalau aina moja ya minyoo au kichocho. Kwa mtafiti, njia safi kabisa ingekuwa kupima makundi yote matatu siku zilezile, ili kuonyesha kwamba yalianza yakiwa sawa. Hawakufanya hivyo. Waliona si haki kumpima mtoto, ukajua ana minyoo, ukaandika kwenye fomu, halafu ukamwacha aondoke bila dawa kwa sababu shule yake iko kundi la tatu. Kwa hiyo kundi la pili lilipimwa mapema 1999, lilipokuwa karibu kuanza kutibiwa, na kundi la tatu halikupimwa wakati huo.

Uamuzi huo uliwagharimu. Ulinganisho wa maambukizi unabaki na makundi mawili tu, na hawana kipimo cha mwanzo cha makundi mengine. Walilipa gharama hiyo na wakaieleza. Nadhani walifanya sawa, na naona ni mfano mzuri zaidi kuliko sheria yoyote iliyoandikwa, kwa sababu unaonyesha maadili yakikata sehemu ya data yenyewe. Mwanafunzi wa uzamili anayepima upungufu wa damu au uwezo wa kuona darasani ana swali hilohilo mbele yake: yule mtoto utakayemkuta hasomi ubao atapelekwa wapi jioni ile? Kama hakuna jibu, kipimo hicho hakifai kuwemo kwenye pendekezo la utafiti.

Sasa ridhaa. Mwaka wa kwanza, 1998, ridhaa ilikuwa ya jamii. Mikutano ya wazazi iliitishwa shuleni, mradi ukaelezwa, na mzazi asiyetaka mtoto wake ashiriki akaombwa amwambie mwalimu mkuu. Asiyesema kitu alihesabiwa kuwa amekubali. Kuanzia Januari 1999, kwa pendekezo la Wizara ya Afya ya Kenya, utaratibu ukabadilika: kila mzazi sharti aweke saini. Kwa kawaida saini hiyo iliwekwa kwenye daftari lililotunzwa shuleni na mwalimu mkuu.

Kwa karatasi, utaratibu wa pili ni bora. Kimya si ridhaa, na mzazi ambaye hakuhudhuria mkutano hakukubali chochote. Lakini hebu tulitazame daftari lenyewe, mahali lilipo. Liko ofisini kwa mwalimu mkuu. Wakati huo shule za msingi Kenya zilikuwa bado zinatoza karo na michango. Elimu ya msingi bila malipo ilikuja mwaka 2003. Mzazi mwenye deni la karo alikuwa na kila sababu ya kupita mbali na ofisi ile. Watafiti wenyewe waliliandika hili: safari ya kwenda kusaini iliwachukulia wazazi muda, na baadhi walisita kukutana na mwalimu mkuu kwa sababu ya malimbikizo ya karo.

Katika mwaka wa kwanza, karibu asilimia 78 ya wavulana wote na wasichana wa chini ya miaka 13 katika shule za kundi la kwanza walipata dawa angalau mara moja. Mwaka uliofuata kiwango kilishuka, na sharti la saini limetajwa kuwa moja ya sababu. Hapo ndipo mtu anayesoma haraka hukosea. Husema wazazi zaidi walikataa, kwa hiyo ridhaa ya kweli imeonekana. Haijulikani kama walikataa. Safu tupu kwenye daftari inaweza kuwa ya mama aliyefikiri akaona hataki mwanawe apewe dawa, ya baba aliyeko Kisumu kikazi, ya bibi anayelea wajukuu asiyejua kusoma, au ya mtu anayedaiwa karo ya mihula miwili. Daftari halitofautishi hata mmoja wao.

Tuone sasa jambo hili linaingiaje kwenye matokeo. Nitatumia shule ya kufikirika, kwa tarakimu nyepesi za kueleza tu. Ina watoto 400. Wazazi wa watoto 300 wamesaini, wa 100 hawajasaini. Wale 100 wengi wanatoka nyumba zenye deni, na kabla ya dawa yoyote walikuwa wakihudhuria siku 65 kati ya 100, kwa kuwa mtoto anayedaiwa hurudishwa nyumbani. Wale 300 walikuwa wakihudhuria siku 85. Sasa gawa dawa ambayo, tuseme, haina faida yoyote. Mwisho wa mwaka mtafiti asiye makini analinganisha waliomeza dawa na wasiomeza, anaona tofauti ya siku 20, na anaandika kwamba dawa imeongeza mahudhurio kwa siku 20. Amepima deni la karo, akaliita dawa ya minyoo.

Miguel na Kremer walilikwepa shimo hili kwa kulinganisha shule na shule. Mtoto alihesabiwa kwenye kundi la shule aliyokuwamo mwanzoni, awe alimeza dawa au hakumeza, awe mzazi alisaini au hakusaini, na hata akihama. Katika shule yangu ya kufikirika, wastani wa watoto wote 400 ni siku 80 kabla ya dawa na 80 baada yake, na ukilinganisha na shule jirani inayofanana nayo ambayo haijapata dawa, tofauti ni sifuri, kama inavyopaswa. Njia hii hufanya faida ionekane ndogo kuliko ilivyo kwa mtoto aliyemeza kweli, kwa kuwa inachanganya na wasiomeza. Lakini inasema ukweli kuhusu kile ambacho mpango wenyewe, pamoja na daftari lake na deni lake, ulifanya.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kwenye masimulizi ya ridhaa: anayeulizwa ni mzazi. Wanafunzi wa utafiti huu walikuwa na umri wa kuanzia miaka 6 hadi karibu 18. Kijana wa miaka 16 darasa la saba anaelewa vizuri sana anachoombwa anapoletewa kikopo aende nacho chooni arudi nacho kwa wageni. Miongozo ya sasa inadai vyote viwili, ridhaa ya mzazi au mlezi na ukubali wa mtoto mwenyewe kwa kadiri ya umri wake, na mtoto akisema hapana, hapana yake inaheshimiwa hata kama mzazi ameshasaini. Shuleni hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mwalimu akisema "wenye kukubali wasimame", darasa zima litasimama. Mtoto huulizwa peke yake, na mtu ambaye si mwalimu wake, kwa swali ambalo hapana yake haimgharimu kitu. Njia nyepesi ninayoiamini ni kumpa kila mtoto shughuli mbadala iliyo tayari, kwa mfano kitabu cha hadithi mezani, na kumwonyesha kabla ya kumuuliza. Mtoto akiona kwamba asiyeshiriki ana pa kukaa na cha kufanya, jibu lake lina uzito. Na ukimaliza shule nzima bila hapana hata moja, usifurahi mapema. Rudi uangalie ulivyouliza.

Wasichana wa miaka 13 na zaidi wanastahili kuangaliwa peke yao. Hawakupangiwa dawa, kwa hofu kwamba albendazoli, dawa ya minyoo iliyokuwa ikigawiwa, ingeweza kudhuru mimba changa. Tahadhari hiyo ilikuwa ya kawaida wakati huo. Lakini fikiria foleni uwanjani. Kila mtu anajua dawa haipewi mwenye uwezekano wa mimba, na msichana wa darasa la sita anaambiwa akae pembeni. Umri wake umetangazwa, na watoto wenzake watajaza mengine. Isitoshe, umri haukujulikana vizuri kila mara, na asilimia 19 hivi ya wasichana wakubwa walipata dawa mwaka wa kwanza hata hivyo, kwa sehemu kwa sababu ya mkanganyiko huo. Tarakimu hiyo haina sifa kwa mradi. Ni kanuni ya usalama iliyovunjika uwanjani, na wangeweza kuifunika ndani ya wastani wa wanafunzi wote. Waliitenga na kuichapisha kwenye jedwali, safu yake yenyewe.

Foleni hiyo inatuingiza kwenye usiri. Watu wengi hufikiri usiri ni kufuta majina. Katika utafiti wa shule, jina ndilo la kwanza kuondoka na ndilo lenye uzito mdogo. Chukua faili lenye safu hizi: namba ya shule, darasa, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, matokeo ya choo. Hakuna jina. Lakini katika shule ya kijijini kunaweza kuwa na msichana mmoja tu wa miaka 17 darasa la saba. Mwalimu yeyote aliyefundisha pale atamtambua, na sasa anajua kilichokuwa tumboni mwake. Kazi ya kumlinda ni ya mikono: unapanga data kwa shule, darasa, jinsia na umri, unahesabu watoto katika kila kikapu, na kikapu chenye watoto wachache sana, wengi hutumia kikomo cha watano, unakiunganisha na jirani yake. Umri wa miaka 17 unakuwa "miaka 15 na zaidi". Darasa la sita na la saba yanakuwa kikapu kimoja. Unapoteza undani kiasi, na unaandika kwamba umeupoteza.

Busia kulikuwa na tatizo kubwa zaidi la aina hii. Watafiti walitaka kujua kama shule isiyotibiwa inanufaika ikiwa karibu na iliyotibiwa, kwa kuwa minyoo hupita kati ya watoto wanaochangia njia, mito na vichaka. Kujua hilo kunahitaji umbali kati ya shule na shule. Sasa, tarafa zimetajwa kwa majina kwenye makala, na idadi ya shule imetajwa. Ukiachia hadharani mahali kila shule ilipo, namba za siri hazina kazi tena. Mtu mwenye ramani anazisoma shule moja baada ya nyingine. Na ukificha mahali zilipo, mkaguzi hawezi kurudia hesabu ya umbali kuanzia mwanzo. Usiri na uwazi vinavutana hapa, na sioni njia ya kuviridhisha vyote kikamilifu. La kufanya ni kutoa idadi ya wanafunzi walio ndani ya kila umbali, ikiwa imeshahesabiwa, na kumruhusu mkaguzi aone ramani yenyewe kwa makubaliano ya maandishi.

Kisha kuna muda. Watoto hawa walifuatiliwa wakiwa watu wazima, na matokeo ya baada ya miaka 20 yakachapishwa mwaka 2021. Huwezi kumtafuta mtu baada ya miaka 20 bila jina lake, kwa hiyo orodha inayounganisha majina na namba haikuweza kuchomwa. Ushauri wa kawaida wa "futa majina ukimaliza" haufanyi kazi kwenye utafiti wa aina hii. Orodha hukaa mbali na data, kwa mtu tofauti, kwa ufunguo tofauti. Na saini ya 1999 ilikuwa ya mzazi, ya dawa. Haimruhusu mtu kumuuliza mwanawe kipato chake akiwa na miaka 35. Mtoto akishafika miaka 18, ridhaa huanza upya, kwake yeye.

Nimebakiza kuripoti matokeo, na hapa utafiti huu una mambo mawili yanayovuta pande tofauti.

La kwanza ni zuri. Makala ilipata kwamba watoto walikosa shule kidogo, karibu robo pungufu. Lakini kila mtu alitarajia zaidi ya hapo: mtoto asiyekosa shule afaulu mtihani. Alama hazikupanda. Waandishi hawakulizika jambo hilo kwenye kiambatisho. Liko kwenye muhtasari wa makala, pale msomaji anapoanzia. Pia hawakuamini madaftari ya mahudhurio ya walimu. Walituma watu shuleni siku zisizotangazwa, wakahesabu waliopo darasani. Anayejua jinsi daftari la mahudhurio hujazwa Ijumaa mchana kwa wiki nzima ataelewa kwa nini.

La pili lilijitokeza baada ya kukabidhi data na programu zao kwa timu ya wataalamu wa afya ya jamii waliotaka kurudia hesabu. Alexander Aiken na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2015. Walikuta kosa kwenye programu: hesabu ya shule jirani ilikuwa ikichukua shule 12 tu zilizo karibu zaidi, badala ya zote zilizomo ndani ya umbali uliotajwa. Kosa liliporekebishwa, faida iliyosemekana kufika shule za umbali wa kilomita 3 hadi 6 haikuonekana tena. Faida ndani ya shule zilizotibiwa ilibaki, na kwa shule za karibu bado kulikuwa na dalili. Tokeo moja kuhusu upungufu wa damu, lililoripotiwa kuwa la kuaminika kitakwimu, halikuwa hivyo. Makala ya pili ya timu hiyo ilichanganua data kwa njia tofauti, ikitenganisha mwaka na mwaka, na ikaona ushahidi wa mahudhurio ni dhaifu zaidi. Miguel na Kremer walikubali makosa ya programu, na wakapinga uchanganuzi wa pili. Magazeti ya Julai 2015 hayakuwa na subira. Baadhi yakaandika kana kwamba dawa ya minyoo imethibitishwa haina kazi.

Ni muhimu kutenganisha aina mbili za dosari zilizochanganywa wakati ule. Shule 12 badala ya zote ni kosa: lina jibu moja sahihi, na likionyeshwa linarekebishwa. Kutenganisha miaka au kuiunganisha ni uamuzi wa mchanganuzi, na watu waaminifu wanaweza kutofautiana. Mtafiti anayetaka kujilinda kwenye aina ya pili huandika mpango wake wa uchanganuzi na kuusajili kabla ya kuona data, ili isisemekane kwamba alichagua njia iliyompendeza. Mwaka 1998 wachumi hawakuwa na desturi hiyo. Dhidi ya aina ya kwanza kuna kinga moja tu, nayo ni kumpa mtu mwingine faili zako. Mtafiti ambaye hakutoa faili zake hawezi kukutwa na kosa la shule 12, na si kwa sababu hana.

Anayetaka leo kuingia shule ya Kenya kwa utafiti atahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na idhini ya kamati ya maadili, na tangu mwaka 2019 sheria ya ulinzi wa data inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Kamati zitamuuliza kama ana fomu. Nisingeishia hapo. Ningemuuliza fomu itasainiwa wapi, na nani atakuwa amekaa hapo. Ningemtaka aihamishe kutoka ofisi ya mwalimu mkuu, aipeleke nyumbani kwa mzazi au kwa mhudumu wa afya wa kijiji, na aongeze safu mbili kwenye daftari: moja ya "nimekataa", ya pili ya "hakupatikana". Mwisho wa kazi, idadi za safu hizo mbili ziandikwe kwenye ripoti kwa kila shule, kandokando na idadi ya waliokubali.